Mama Prezida, kikao kilichopita kilisema nini? Maswali kuhusu ukumbusho wa kufungua kikao cha avek

Nilikuwa sekretere wa avek moja huku Kadutu, Bukavu, kwa miaka minne, halafu wakanipa uprezida. Tangu siku hiyo wenyeviti wa vikundi vingine huniita pembeni sokoni na kuniuliza karibu yaleyale: zile dakika chache za kwanza, unapowakumbusha watu waliyozungumza mara ya mwisho, unasema nini na unaacha nini? Majibu haya ni ya avek yetu, chama cha kuweka na kukopa chenye watu 24 wanaokutana kila Jumamosi saa nane mchana, wakiwa na kaye, yaani daftari, ya sekretere na simu inayorekodi mazungumzo. Kikundi chenu kikiwa cha namna nyingine, mtapunguza na kuongeza.

Ukumbusho wa mwenyekiti na kusoma prosè-verbali si kitu kimoja?

Hapana. Prosè-verbali ni ya sekretere. Imeandikwa, inasomwa yote, inasahihishwa, wanachama wanaikubali kisha inatiwa sahihi. Ukumbusho ni wa mwenyekiti, unatoka mdomoni, unachukua dakika mbili au tatu, nao unakuja kabla ya kusoma. Kazi yake ni kuwaweka watu sawa, hasa wale waliokosa, ili sekretere akianza kusoma wajue wasikilize wapi.

Kuna vikundi vinavyofanya kimoja tu kati ya hivyo viwili. Wanaosoma tu, wenzao husinzia ifikapo ukurasa wa pili. Wanaokumbusha tu ndio wenye hatari zaidi, kwa sababu baada ya miezi mitatu kilichokatwa kinakuwa ni kile prezida anachokikumbuka.

Niseme mambo gani hasa?

Mimi nina vikapu vitatu. Cha kwanza ni yaliyokatwa, yaani yale tuliyoyapigia kura au tuliyokubaliana wazi. Cha pili ni yaliyolala: tuliyazungumza, pengine kwa kelele nyingi, lakini hatukufika mwisho. Cha tatu ni madeni ya kazi, yaani nani aliahidi kufanya nini kabla ya leo. Kila neno nisilopata kulitia katika kikapu kimoja kati ya hivyo, naliacha.

Kikapu cha pili ndicho kinachowaangusha wenyeviti wengi. Jambo lililozungumzwa kwa nusu saa hubaki kichwani kama jambo lililoamuliwa. Watu wanakumbuka jasho, hawakumbuki kwamba jasho lile halikuzaa kura.

Kuna rekodi ya simu. Kwa nini nisiwawekee tu wasikilize?

Jaribu mara moja, hutarudia. Dakika 40 za mazungumzo zinahitaji dakika 40 za kusikiliza, na ifikapo ya tano mtu atasikia sauti yake akikatizwa na mwenzake, ugomvi uanze upya. Rekodi ni ya mwenyekiti na sekretere kuhakikishia. Kwetu haitoki mikononi mwa hao wawili, haitumwi kwa mtu yeyote, na inafutwa siku ileile prosè-verbali inapotiwa sahihi. Sharti hilo tuliliandika kwenye sheria za ndani kabla ya kurekodi kikao cha kwanza. Mama mmoja aliuliza, "Na bwana yangu akisikia nina hisa ngapi?" Swali lake lilikuwa sahihi kabisa.

Naisikilizaje bila kumaliza usiku mzima?

Siku ya kikao weka simu juu ya kitenge kilichokunjwa, katikati ya mkeka, si mezani. Meza inaleta sauti ya kila kikombe. Mvua ikipiga mabati, na hapa Bukavu kuanzia mwezi wa tisa hilo ni jambo la karibu kila alasiri, usitegemee rekodi hata kidogo: mwambie sekretere aandike mara mbili ya kawaida.

Nyumbani mimi husikiliza Ijumaa jioni, nikiwa na karatasi moja na kaye ya sekretere kando yangu. Naongeza mwendo wa sauti kidogo, mara moja na nusu hivi, kwa sababu sitafuti kila neno. Natafuta maneno ya kufunga: "basi tukubaliane", "mikono juu", "imepita". Natafuta pia maneno ya kulaza: "tutalirudia", "tuache kwanza", "tumuulize fulani". Nikisikia mojawapo nasimamisha, naandika dakika pembeni, na kulinganisha na kilichoandikwa kwenye kaye. Dakika 40 hunichukua kama nusu saa, kwa sababu sehemu ambapo watu wanazungumza pamoja naziruka. Humo hakuna kilichokatwa.

Kaye na rekodi zikipingana?

Hapa nataka nikae, maana hili lilitupata.

Mwanachama namba 14 anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Alikuwa amenunua hisa 22, kila moja franka 2,000, basi akiba yake ilikuwa 44,000. Kwetu mtu anakopa hadi mara tatu ya akiba, yaani kwake 132,000, naye alichukua 120,000. Alirudisha nusu, muda ukaisha akiwa na deni la 60,000, na mtoto wake alikuwa amelazwa. Aliomba wiki nne zaidi. Sheria yetu inasema anayechelewa analipa faini ya franka 2,000, juu ya riba ya asilimia 5 kwa mwezi.

Tulikuwa 22 siku hiyo. Yeye alitoka nje wakati wa kura, na prezida hapigi kura isipokuwa zikilingana, basi mikono ilikuwa 20. Walioona apewe wiki nne, alipe riba ya 3,000 bila faini, walikuwa 13, waliokataa, 7. Hilo lilikatwa, halina shida.

Lakini kabla ya kura, baba mmoja alisema vizuri sana: "Kama tunamsamehe huyu kwa sababu ya mgonjwa, basi tuseme ni sheria, ili kesho mwingine asinyimwe." Wengi waliitikia. Mmoja akauliza mgonjwa ni nani, ni mtoto tu au hata shemeji? Wakacheka, wakabishana, na muda ukaenda. Kwenye kaye sekretere aliandika: "Wanachama wamekubali kwamba mwenye mgonjwa halipi faini."

Ijumaa nilisikiliza. Dakika ya 31 nasikia sauti yangu mwenyewe: "Hilo la sheria tutalirudia, sasa tupige kura ya namba 14." Hapakuwa na mikono kwa ajili ya sheria. Sekretere hakudanganya. Alisikia "ndiyo, ndiyo" nyingi na akaziandika kama uamuzi. Fikiria kama ningekuja Jumamosi nikarudia alichoandika: kikundi kizima kingekuwa na sheria mpya ambayo hakuna aliyeipigia kura, na baada ya mwezi kila mwenye deni angekuwa na mgonjwa nyumbani.

Nilimpigia sekretere usiku uleule. Si kumgombeza, nilimwambia, "Mama Sekretere, sikiliza dakika ya 31, uniambie unasikia nini." Alisikiliza, akanipigia akisema yeye pia hasikii kura. Tukapatana kwamba hatutagusa kaye nyumbani. Masahihisho yanafanywa kikaoni, mbele ya watu: mstari mmoja juu ya maneno yenye kosa, yabaki yanasomeka, maneno sahihi pembeni, na sahihi za watu wawili. Ukurasa uliochanwa au neno lililofutwa kwa dawa nyeupe ndilo linaloua uaminifu wa kaye, hata kama ulichokifuta kilikuwa kosa kweli.

Sasa ulisema nini Jumamosi?

Nina karatasi bado. Niliyasema karibu hivi:

"Ba mama, ba baba, mukaribie. Kikao kilichopita tulikuwa 22. Wawili walikosa, walituma habari. Tulikata jambo moja. Mwanachama namba 14, aliyebakiwa na deni la franka 60,000, tumemwongezea wiki nne. Atalipa riba ya 3,000 kwa hizo wiki nne, faini hapana. Kura zilikuwa 13 kwa 7.

"Jambo moja lililala: kama kusamehe faini kwa ajili ya mgonjwa iwe sheria kwa wote. Tulilizungumza, hatukulipigia kura. Kwenye kaye liliandikwa kama limekatwa. Sekretere atalisoma na atalisahihisha mbele yenu. Lenyewe tutalizungumza leo, namba tatu ya ajenda.

"Watu wawili walikuwa na kazi. Mwenye ufunguo wa pili alete kufuli mpya, kwa sababu ile ya zamani inakwama. Ameileta, ile pale. Mimi nilitakiwa kuuliza bei ya kaye mpya za wanachama. Sijauliza. Naomba munisamehe, nitaleta jibu Jumamosi.

"Je, kuna jambo tulilokata ambalo nimelisahau?"

Halafu nikanyamaza. Nilihesabu polepole hadi kumi kichwani. Huo ukimya ni sehemu ya ukumbusho. Mwenyekiti anayeuliza "kuna swali?" huku tayari anamtazama sekretere hajauliza kitu. Hakuna aliyeongeza, sekretere akaanza kusoma. Yote yalichukua kama dakika mbili.

Kwa nini hukusema mtoto wa namba 14 alikuwa amelazwa? Ndiyo sababu ya uamuzi.

Kwa sababu waliokuwepo wanajua, na waliokosa hawahitaji kujua ili wafuate uamuzi. Shida ya mtu aliisema mwenyewe, kwa mdomo wake, siku ile. Mimi sina ruhusa ya kuirudia kila wiki. Namba ya mwanachama, kiasi, muda, kura: vinatosha. Na hata kura sisemi nani aliinua mkono upande gani.

Kwa sababu hiyohiyo sisemi "Baba fulani alisema hivi, Mama fulani akamjibu hivi." Ukitaja wasemaji, kila mmoja atataka kueleza alichokuwa akimaanisha, na umeshafungua tena mjadala wa wiki iliyopita.

Mtu akianza kubisha katikati ya ukumbusho?

Tofautisha mambo mawili. Akisema "Hapana, ilikuwa wiki tatu, si nne", huyo anasahihisha kumbukumbu. Simama, mwambie sekretere atazame kaye, na ikibidi rudi kwenye rekodi baada ya kikao. Akisema "Lakini mimi siwezi kukubali asilipe faini", huyo hasahihishi, anarudisha kesi. Mimi humjibu, "Mama, kura ilipita. Ukitaka tulifungue upya, tia ombi kwenye mambo mengine, mwisho wa kikao." Sheria yetu inataka watu watano waunge mkono kabla ya kufungua upya jambo lililopigiwa kura, wekeni idadi yenu, lakini muwe nayo. Bila hiyo, wenye sauti kubwa watarudisha kila kitu walichoshindwa.

Na hesabu za sanduku, niziseme katika ukumbusho?

Hapana! Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo kosa ninaloliona hata kwa wenyeviti wazuri.

Mwisho wa kila kikao, tukishahesabu, tunatangaza salio mara mbili kwa sauti, mfuko wa mikopo peke yake na mfuko wa msaada peke yake, kisha wanachama wote wanarudia pamoja. Kikao kinachofuata, sanduku likiwa bado limefungwa kwa kufuli zake tatu, mwenyekiti anawauliza wao: "Tuliacha ngapi?" Anamchagua mtu yeyote ajibu, hasa asiyeketi mbele. Ndipo wenye funguo watatu wanafungua na wahesabu pesa wawili wanahesabu mbele ya macho ya wote.

Njia hii ya vikundi ilianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, chini ya shirika la CARE, kati ya wanawake ambao wengi wao hawakusoma. Kichwa cha mwanachama kilikuwa ndiyo kaye ya kwanza. Hata leo, sisi tulio na kaye na simu, bado kichwa hicho kinafanya kazi ambayo kaye haiwezi: kaye iko kwa mtu mmoja, kumbukumbu iko kwa watu 24.

Sasa mwenyekiti akitangulia kusema, "Tuliacha franka 91,000 kwa mikopo na 38,500 kwa msaada", watu watafanya nini? Wataitikia. Hakuna atakayemwambia prezida amekosea mbele ya watu, hasa kama ni mtu mzima au mke wa mchungaji. Umegeuza mashahidi kuwa waitikiaji. Siku pesa zikipungua 5,000, hakuna atakayekuwa na uhakika kama alikumbuka namba au alikuitikia wewe.

Waliokumbuka wakitofautiana?

Waulize watu watatu zaidi kabla ya kuangalia kaye. Kwetu ilitokea mmoja akasema 38,500, mwingine 35,800. Namba zenyewe zinaonyesha kilichotokea, tarakimu zimebadilishana nafasi kichwani mwa mtu. Sekretere alisoma: 38,500. Sanduku likahesabiwa: 38,500. Tukaendelea. Lakini kama vichwa vinakubaliana, kaye inakubaliana, na sanduku lina kidogo kuliko hapo, usiendelee na kuuza hisa. Hapo hesabu inarudiwa na wahesabu wengine, na kinachokosekana kinaandikwa kabla ya franka hata moja mpya kuingia. Pesa mpya zikishachanganyika na za zamani, umepoteza mahali pa kuanzia kutafuta.

Ukumbusho usemwe kwa lugha gani?

Kwa Kiswahili cha nyumbani. Watu wetu huzungumza Kiswahili, Mashi na Kifaransa ndani ya sentensi moja, na rekodi inaonyesha hivyo. Lakini angalia maneno ya Kifaransa yanayoingia wakati wa kukata shauri. Mmoja akisema "on reporte", nusu ya watu wanaelewa limeahirishwa na nusu wanaelewa limeripotiwa mahali fulani. Katika ukumbusho sema "tumeliahirisha hadi Jumamosi ya leo". Wazee wawili kwetu wanasikia Mashi vizuri zaidi, basi aliyeketi nao huwanong'oneza.

Simu ilizimika, rekodi haipo. Nifanyeje?

Sema hivyo mwanzoni: "Wiki hii nategemea kaye peke yake." Kisha kila jambo la kikapu cha kwanza ulisome kama swali, si kama habari: "Kaye inasema tulikata hivi. Ndivyo?" Inachukua dakika mbili zaidi. Angalia pia nafasi kwenye simu siku moja kabla. Rekodi ya kawaida hula kama megabaiti moja kwa dakika, na simu iliyojaa picha hukata katikati bila kulia.

Mwenyekiti mwenyewe hakuwepo kikao kilichopita?

Basi asikumbushe. Akumbushe makamu aliyeongoza, hata kama mwenyekiti ameketi pale. Niliwahi kuona mwenyekiti akikumbusha kikao ambacho hakukihudhuria, akisoma kaye kwa sauti ya mtu aliyekuwepo. Mtu mmoja alimuuliza, "Na yule aliyelia, alilia kwa nini?" Hakujua kama kuna aliyelia.

Nilikosea katika ukumbusho, na nimegundua baada ya kikao.

Kikao kinachofuata anza na hilo, kabla ya vikapu: "Wiki jana niliwaambia kufuli limelipwa na mfuko wa msaada. Nilikosea, lililipwa na faini." Sentensi mbili, na sekretere anaiandika. Kama kosa limemgusa mtu, kwa mfano ulisema ana deni asilokuwa nalo, usingoje Jumamosi. Nenda kwake leo, halafu Jumamosi useme tena mbele ya wote, kwa sababu walisikia wote.

Ile sheria ya mgonjwa iliishaje?

Tuliizungumza siku hiyo kwa dakika 20. Ikapigiwa kura ikiwa na mipaka: mgonjwa awe mtoto, mume, mke au mwanachama mwenyewe, aliyelazwa, na karatasi ya kulazwa ionyeshwe kwa prezida na sekretere tu. Ilipita kwa 16, waliokataa 5. Yule baba aliyeileta alikuwa kati ya watano hao. Alisema tumeibana mno.